Mamia ya Picha, Ramani Moja: Picha za Droni Zinavyounganishwa na Kufungwa Ardhini

Othomozaiki ni picha moja kubwa ya ardhi inayotokana na mamia au maelfu ya picha ndogo zilizopigwa na droni. Picha hizo huunganishwa na kunyooshwa mpaka kila sehemu ionekane kana kwamba imetazamwa wima kutoka juu. Kwa sababu hiyo inaweza kupimwa kwa rula kama ramani: sentimita moja ya karatasi huwakilisha umbali uleule ardhini, iwe ni katikati ya uwanja wa mpira au pembeni mwa ghorofa. Wengi huiita ramani-picha, na jina hilo linafaa, kwa kuwa ina rangi na undani wa picha lakini hubeba vipimo vya ramani.

Ramani za namna hii zimetumika sana Afrika Mashariki katika miaka ya karibuni. Dar es Salaam, mradi wa Ramani Huria ulianza mwaka 2015 kwa kuwashirikisha wanafunzi na wakazi kuchora mitaa inayokumbwa na mafuriko, na picha za droni zikawa sehemu ya kazi hiyo. Zanzibar, Kamisheni ya Ardhi ikishirikiana na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar na Benki ya Dunia ilianza mwaka 2016 kupiga picha visiwa vya Unguja na Pemba kwa droni ndogo zenye mabawa.

Ramani-picha hubeba maswali mawili ambayo watu huyachanganya. La kwanza ni kama picha zimeungana vizuri zenyewe kwa zenyewe. La pili ni kama picha iliyopatikana imekaa mahali pake halisi duniani, kwa upande na kwa kimo. Jibu la swali la kwanza huonekana kwa macho: barabara haikatiki, paa halina kichwa viwili. Jibu la swali la pili halionekani kabisa. Picha safi isiyo na kasoro inaweza kuwa imehama mita mbili, au imepinda katikati, bila mtazamaji kugundua lolote. Ndiyo maana wapimaji huweka alama za udhibiti ardhini.

Kwa nini picha moja si ramani

Kamera huona dunia kutoka nukta moja. Kitu kilicho chini yake moja kwa moja huonekana kwa juu, lakini kilicho pembeni huonekana kwa ubavu, na kadiri kinavyokuwa kirefu ndivyo kilele chake kinavyosogea mbali na katikati ya picha. Droni ikiwa mita 100 juu ya ardhi, paa la nyumba yenye kimo cha mita 6 iliyo mita 50 kutoka chini ya kamera litaonekana limesogea nje kwa mita 3 hivi kuliko lilipo. Nyumba hiyohiyo katika picha inayofuata italalia upande mwingine, kwa sababu droni imekwisha kusogea.

Kwa hiyo picha za droni haziwezi kuunganishwa kwa kubandikwa ukingo kwa ukingo. Mtu akijaribu kulinganisha barabara, mapaa yatagongana. Akilinganisha mapaa, barabara itavunjika. Ili kila kitu kirudi mahali pake, kimo cha kila sehemu ya ardhi, kila nyumba na kila mti lazima kijulikane kwanza. Na kimo hicho hupatikana kutokana na ule ule usogeaji unaoleta tatizo. Kitu kikionekana katika picha mbili zilizopigwa kutoka sehemu mbili tofauti, tofauti ya mahali kinapoonekana hutoa umbali wake kutoka kwenye kamera. Hivyo kazi ya kuunganisha picha huanza kama kazi ya kujenga umbo la ardhi lenye urefu, upana na kimo.

Kupanga ruka

Mfano mmoja utasaidia kufuata hatua zote. Eneo lenye urefu wa mita 500 na upana wa mita 400, yaani hekta 20, liko kwenye bonde la mto jijini Dar es Salaam, katika mtaa wenye nyumba zilizosongamana kama ilivyo Tandale. Lengo ni kupata ramani-picha na ramani ya vimo itakayoonyesha maji ya mvua hupita wapi. Takwimu zinazofuata ni za mfano huu wa kukokotoa.

Droni ni ya rotari nne. Kamera yake ina kihisi chenye upana wa milimita 13.2, lenzi yenye urefu wa fokasi wa milimita 8.8, na picha zenye pikseli 5472 kwa 3648. Ikiruka mita 100 juu ya ardhi, picha moja hufunika mita 150 kwa upana na mita 100 kwa urefu. Mita 150 zikigawanywa kwa pikseli 5472, kila pikseli hufunika sentimita 2.7 za ardhi. Kipimo hiki ndicho msingi wa kila kitu kinachofuata, kwa kuwa hakuna jambo dogo kuliko pikseli litakaloonekana, na usahihi wa ramani hupimwa kwa kulinganishwa nacho.

Picha lazima zipandane. Kwa mtaa wenye nyumba nyingi, asilimia 80 kwa mwelekeo wa safari na asilimia 70 kwa upande ni kiwango kinachofaa. Hii ina maana kamera ipige kila baada ya mita 20, na mistari ya safari iachane kwa mita 45. Mistari ya ziada huongezwa nje ya mpaka, kwa kuwa kingo za eneo huonekana katika picha chache na ndizo hudhoofika kwanza. Eneo la mfano linahitaji mistari 12 yenye picha 30 kila mmoja, jumla picha 360. Kwa mpandano huo, karibu kila sehemu ya ardhi huonekana katika picha 15 hivi. Wingi huo unahitajika, maana kati ya nyumba zilizobanana uchochoro mmoja huweza kufichwa na mapaa katika nyingi ya picha hizo.

Droni ikienda mita 8 kwa sekunde hupiga picha kila baada ya sekunde mbili na nusu. Shata ikifunguka kwa sehemu ya elfu moja ya sekunde, droni husogea milimita 8 tu wakati picha inaingia, chini ya theluthi ya pikseli, kwa hiyo picha haitatota ukungu. Jioni mwanga unapopungua, kamera huacha shata wazi kwa muda mrefu zaidi na ukungu huanza. Saa za katikati ya mchana nazo zina faida yake, kwa sababu vivuli ni vifupi, ingawa mabati mapya hung'aa kwa jua la utosini hadi sehemu ya paa ikawa nyeupe tupu.

Kuweka alama kabla ya kuruka

GPS ya kawaida iliyo ndani ya droni hukosea mita kadhaa kwa upande, na kwa kimo hukosea zaidi. Kwa kuitegemea hiyo peke yake, ramani-picha itakuwa na umbo linaloelekea kuwa sawa lakini itaelea: leo imehama magharibi, kesho kaskazini. Alama za udhibiti huifunga kwenye ardhi. Kila alama ni kitu kinachoonekana wazi kutoka juu, ambacho kitovu chake kimepimwa ardhini kwa kipokezi cha setilaiti cha wapimaji, chenye usahihi wa sentimita mbili au tatu.

Alama inayofaa ni ubao au turubai lenye miraba minne, miwili myeusi na miwili myeupe, inayokutana katikati. Mahali pembe zinapokutana ndipo panapopimwa. Kwa pikseli ya sentimita 2.7, alama yenye upana wa sentimita 60 itaonekana kama pikseli 22 hivi, na hizo zinatosha kumwezesha mtu kubofya kitovu bila kubahatisha. Penye lami au saruji, alama huweza kupakwa rangi, na hiyo ni bora mtaani kwa sababu haibebwi na upepo wala haisogezwi na watoto. Alama isiwekwe chini ya mwembe, chini ya ukingo wa paa, wala pembeni mwa ukuta mrefu, kwa kuwa huko droni haitaiona katika picha za kutosha na kipokezi nacho kitapata mawimbi ya setilaiti yaliyogonga ukuta kwanza.

Alama tatu zinatosha kinadharia kuweka umbo lolote mahali pake, kulizungusha na kulipa ukubwa wake. Lakini tatu haziachi nafasi ya kugundua kosa. Wapimaji huweka tano au zaidi, na namna zilivyotawanyika ni muhimu kuliko idadi yake. Katika eneo la mfano zinawekwa alama 10. Sita ni za udhibiti: nne karibu na pembe za eneo, moja chini kabisa kando ya mto na moja kwenye mwinuko wa katikati. Nne zilizobaki zimetawanywa kati yake na hazitatumika kutengeneza ramani. Hizo ni alama za ukaguzi, na kazi yake itaonekana mwishoni.

Upimaji wa alama una mtego wake. Kipokezi cha wapimaji hupata usahihi wa sentimita kwa kulinganishwa na kipokezi kingine, kituo cha msingi, kilichosimama juu ya nukta inayojulikana. Viwianishi vya kituo hicho vikiwa na kosa la mita moja, alama zote 10 zitahama mita moja kwa pamoja, na hakuna hesabu yoyote ya baadaye itakayolifichua, kwa sababu alama za udhibiti na za ukaguzi zimekosea sawasawa. Kinga yake ni kupima pia bikoni ya serikali ambayo viwianishi vyake viko kwenye kumbukumbu za upimaji, kisha kulinganisha.

Mtego wa pili ni mfumo wa viwianishi. Ramani nyingi za zamani za Tanzania, Kenya na Uganda zilichorwa kwa mfumo uitwao Arc 1960, ilhali vipokezi vya setilaiti hutumia WGS84. Nukta moja ardhini katika mifumo hii miwili hutofautiana kwa takriban mita 300. Kimo nacho kina matoleo mawili: setilaiti hupima kimo kutoka kwenye umbo la kihesabu la dunia, na ramani za maji huhitaji kimo kutoka usawa wa bahari. Katika pwani ya Dar es Salaam usawa wa bahari uko zaidi ya mita 20 chini ya umbo hilo la kihesabu, kwa hiyo mtu anayesimama ufukweni huona kipokezi chake kikisoma kimo hasi. Aina ya kimo huamuliwa na kuandikwa kabla ya kazi kuanza.

Kompyuta inavyounganisha picha

Picha 360 zinapoingizwa kwenye programu, hatua ya kwanza ni kutafuta katika kila picha maelfu ya vijisehemu vinavyotambulika kwa urahisi: pembe ya bati, jiwe jeupe kwenye vumbi, msalaba wa nyaya. Njia mashuhuri ya kufanya hivyo ni SIFT, iliyobuniwa na David Lowe wa Kanada na kutangazwa mwaka 1999. Kila kijisehemu hupewa maelezo ya tarakimu yasiyobadilika sana hata picha ikizungushwa au kukuzwa. Kisha programu hulinganisha maelezo hayo kati ya picha jirani na kutafuta yanayofanana.

Baadhi ya mafanano huwa ya uongo. Mabati mawili ya nyumba mbili huweza kufanana kabisa. Programu huchuja kwa kuuliza kama mafanano yote ya picha mbili yanakubaliana na msogeo mmoja wa kamera, yasiyokubaliana hutupwa. Yaliyobaki huunganishwa kuwa minyororo, ambapo pembe moja ya bati hufuatwa kutoka picha hadi picha.

Hapo huja hesabu iliyo moyo wa kazi nzima, urekebishaji wa pamoja. Programu hutafuta kwa wakati mmoja mahali kila kamera ilipokuwa, mwelekeo ilikotazama, kasoro za lenzi, na mahali kila kijisehemu kilipo ardhini, hadi mistari yote ya kuona kutoka kamera zote ikutane vizuri iwezekanavyo. Kipimo cha mafanikio ni tofauti kati ya mahali kijisehemu kilipoonekana kwenye picha na mahali hesabu inaposema kingeonekana. Kazi nzuri hubaki na wastani wa chini ya pikseli moja.

Hatua hii hushindwa pale pasipo na vijisehemu vinavyotulia. Maji ya bahari hubadilika kati ya picha moja na nyingine, ndiyo maana ramani-picha za pwani huwa na matobo au mawimbi yaliyovunjika nje ya ufukwe. Majani ya mnazi hucheza kwa upepo, na migomba iliyosongamana huonekana tofauti kabisa kila pembe. Dalili yake ni picha kadhaa zilizoachwa nje ya hesabu, na ripoti ya programu hutaja idadi yake. Dawa ni kurudia kuruka kwa mpandano mkubwa zaidi, au kuruka juu zaidi ili kila picha ishike pia kitu kilichotulia.

Baada ya kamera kuwekwa mahali pake, programu hukokotoa nukta mamilioni za umbo la ardhi, hujenga kutokana nazo ramani ya vimo, na mwishowe hurudisha rangi ya kila sehemu mahali pake. Kwa kila sehemu huchaguliwa picha iliyoitazama wima zaidi. Mahali picha moja inapokabidhi kwa nyingine pana mshono, na programu hujaribu kuupitisha barabarani au kwenye nyasi badala ya katikati ya paa, kisha hulainisha rangi ili tofauti ya mwanga isionekane.

Kuingiza alama katika hesabu

Alama za udhibiti huingia kwenye urekebishaji wa pamoja wenyewe. Mtu hufungua kila picha inayoonyesha alama fulani na kubofya kitovu chake, na programu huambiwa kwamba pikseli hii, ya picha hii, ndiyo nukta yenye viwianishi hivi. OpenDroneMap, programu huria inayotumiwa sana na miradi ya jamii, husoma taarifa hizo kutoka faili la maandishi liitwalo `gcp_list.txt`:

```
EPSG:32737
526612.418 9248701.953 11.274 2718 1630 DJI_0041.JPG A1
526612.418 9248701.953 11.274 2702 2361 DJI_0042.JPG A1
526612.418 9248701.953 11.274 2731  897 DJI_0040.JPG A1
```

Mstari wa kwanza unataja mfumo wa viwianishi. Namba 32737 ni ya WGS84 katika kanda ya UTM 37 Kusini, inayofunika pwani ya Tanzania. Kila mstari unaofuata una mashariki, kaskazini na kimo cha alama kwa mita, kisha pikseli kutoka kushoto na pikseli kutoka juu, jina la picha, na jina la alama. Alama moja hurudiwa kwa kila picha inayoonekana. Picha tatu kwa kila alama ni kiwango cha chini. Sita au nane ni bora. Amri ya kuendesha kazi ni fupi:

```
docker run -ti --rm -v /home/mpimaji/datasets:/datasets \
  opendronemap/odm --project-path /datasets bondeni \
  --gcp /datasets/bondeni/gcp_list.txt \
  --dsm --orthophoto-resolution 3
```

Watu wengine huruka hatua hii. Hutengeneza ramani-picha kwa GPS ya droni tu, kisha huivuta na kuinyoosha baadaye kwenye programu ya ramani hadi ikae juu ya alama. Njia hiyo huweza kuponya msogeo wa upande. Haiwezi kuponya kosa la kimo, wala kupinda kwa umbo lenyewe, na kupinda huko ndiko kosa linalojificha kuliko yote.

Chanzo chake ni lenzi. Kila lenzi hupinda mistari kidogo, na programu hukadiria mpindo huo kutokana na picha zenyewe. Picha zote zikiwa zimepigwa wima, kutoka kimo kilekile, kwa mistari iliyo sambamba, hesabu haina njia ya kutofautisha lenzi iliyopinda kidogo na ardhi iliyopinda kidogo. Kosa dogo katika makadirio ya lenzi hugeuka kuwa ardhi yenye umbo la bakuli lililofunikwa: pembeni sawa, katikati imeinuka. Watafiti Mike James na Stuart Robson waliueleza mtego huu kwa kina mwaka 2014 na kuonyesha kwamba kuongeza picha zilizoinamishwa kidogo hupunguza kosa hilo kwa kiasi kikubwa. Kinga ya pili ni alama ya udhibiti iliyowekwa katikati, ambayo huilazimisha hesabu kuiona ardhi ilivyo.

Kukagua

Ripoti ya programu huonyesha tofauti iliyobaki kwenye kila alama ya udhibiti. Tofauti hizo ndogo hufurahisha, lakini haziwezi kuwa ushahidi, kwa sababu hesabu ilikusudiwa kuzipunguza. Ushahidi hutoka kwenye alama za ukaguzi, ambazo hesabu haikuzijua. Mpimaji husoma viwianishi vyake kwenye ramani iliyokamilika na kuvilinganisha na alivyopima ardhini.

Katika bonde la mfano kazi hufanywa mara tatu. Mara ya kwanza hakuna alama inayotumika. Alama zote nne za ukaguzi zinaonekana zimehama takriban mita 1.8 kuelekea upande mmoja, na vimo vimekosea kwa mita kadhaa. Makosa yanayoelekea upande mmoja kwa kiwango kimoja huonyesha ramani nzima imehama huku umbo lake likiwa zima.

Mara ya pili zinatumika alama nne za pembeni tu. Kwa upande, ramani sasa iko ndani ya sentimita 5. Lakini alama ya ukaguzi iliyo karibu na katikati inasoma sentimita 25 juu ya kimo chake halisi, wakati zilizo karibu na kingo zinakaribia kuwa sawa. Kosa linalokua kuelekea katikati ni dalili ya lile bakuli. Kwa mtu anayepima kiwanja lisingemhusu. Kwa anayefuatilia maji ya mafuriko kwenye bonde tambarare ni janga, kwa sababu sentimita 25 zinatosha kugeuza mwelekeo wa mtaro kwenye ramani na kuonyesha nyumba salama mahali maji yanapoingia mlangoni.

Mara ya tatu zinatumika zote sita. Makosa ya upande ya alama nne za ukaguzi ni sentimita 3, 4, 2 na 5. Wastani wake hupatikana kwa kuzidisha kila kosa kwa lenyewe, kujumlisha, kugawanya kwa idadi na kutafuta kipeo cha pili. Jumla ni 54, ikigawanywa kwa 4 ni 13.5, na kipeo chake ni sentimita 3.7. Kwa kimo, makosa ni 4, -6, 5 na -7, na wastani wake kwa hesabu ileile ni sentimita 5.6. Alama za kutoa na kujumlisha zimechanganyika, dalili nzuri kwamba hakuna mpindo uliobaki. Kwa kawaida ruka iliyofungwa vizuri hufikia kosa la pikseli moja hadi mbili kwa upande, na hadi tatu kwa kimo. Kwa pikseli ya sentimita 2.7, matokeo haya yamo ndani ya kiwango.

Alama moja ikiwa na kosa kubwa peke yake huku nyingine zikiwa tulivu, chanzo mara nyingi ni mtu: mfito wa kipokezi ulikuwa na mita 2 na kompyuta ikaambiwa 1.8, jina la alama limebadilishana na la jirani, au mbofyaji amechagua pembe ya mraba badala ya kitovu. Alama zikiwa chache, kosa la moja husambazwa kwa majirani na yote huonekana yameharibika kidogo. Njia ya kumjua mkosaji ni kuitoa alama moja moja kwenye hesabu na kurudia. Ikitolewa iliyo mbovu, nyingine zote hutulia, na yenyewe huonyesha kosa lake lote.

Yasiyoonekana kutoka juu

Hata ramani-picha iliyofungwa vizuri huonyesha tu kile ambacho kamera ilikiona. Ukingo wa paa si ukuta wa nyumba; katika mitaa ambako mapaa hutokeza nusu mita au zaidi, mpaka wa kiwanja ukichorwa kwa kufuata paa utamega njia ya jirani. Chini ya mwembe hakuna ardhi iliyopimwa, na ramani ya vimo huonyesha kilele cha mti. Kingo za mapaa marefu huweza kuonekana zimemong'onyoka, kwa sababu umbo lililokokotolewa hapo halina nukta za kutosha kati ya paa na uchochoro. Mtaro uliofunikwa kwa zege na karavati lililo chini ya barabara haupo kabisa kwenye picha, ingawa ndiyo njia halisi ya maji. Vitu hivi hupimwa kwa miguu, kipokezi kikiwa mkononi, na kuongezwa kwenye ramani.

Kwa hiyo ramani-picha inapokabidhiwa kwa halmashauri, mhandisi au kamati ya mtaa, karatasi inayoambatana nayo itaje mambo manne: tarehe ya kuruka, mfumo wa viwianishi na aina ya kimo, upana wa pikseli ardhini, na idadi ya alama za ukaguzi pamoja na kosa lililopatikana kwa upande na kwa kimo. Mtumiaji akiwa nayo ataweza kuamua kama ramani hiyo inatosha kuchora barabara, kugawa viwanja au kuchimba mtaro. Kazi hizo tatu huvumilia makosa ya viwango tofauti, na ya mtaro ndiyo inayovumilia kosa dogo zaidi la kimo.